Gawa 72 kwa riba, ujue fedha zako zitakuwa maradufu lini

MFANYABIASHARA anayenunua vitunguu Arusha na kuviuza Nairobi hupiga kichwani hesabu ya kubadili shilingi kabla gari halijafika Namanga. Ipo hesabu nyingine ya kichwani, fupi kuliko hiyo, inayomwonyesha muda ambao akiba yake itachukua kuwa maradufu, na pia muda ambao deni lake litachukua kufika hapo.

Hesabu yenyewe ni hii: chukua namba 72, igawe kwa kiwango cha riba cha mwaka. Jibu ni idadi ya miaka. Riba ikiwa asilimia 6, fedha zitakuwa maradufu kwa miaka 12. Ikiwa asilimia 8, miaka tisa. Ikiwa asilimia 12, miaka sita.

Kanuni hii si ngeni. Mtaalamu wa hisabati wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliitaja katika kitabu alichochapisha Venisi mwaka 1494, wakati mji huo ukiwa kitovu cha wafanyabiashara wa Bahari ya Mediterania. Namba 72 inafaa kwa sababu inagawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12, ambavyo ni viwango vinavyokutwa mara nyingi.

Ili kuona kama inasema kweli, chukulia mtu ameweka shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 9, na hagusi chochote. Gawa 72 kwa 9, jibu ni miaka minane. Mwaka wa kwanza unapoisha ana 1,090,000. Mwaka wa pili riba inahesabiwa juu ya fedha hizo zote, kwa hiyo anapata 98,100 badala ya 90,000, na jumla inakuwa 1,188,100. Mwaka wa nne unamkuta na 1,411,582. Mwaka wa nane ukiisha ana 1,992,563. Zimepungua chini ya shilingi elfu nane tu kufika milioni mbili.

Riba lazima izae riba

Kanuni hiyo inasimama juu ya sharti moja: riba ibaki ndani, nayo ianze kuzaa. Baadhi ya amana za muda maalumu huhamishia riba kwenye akaunti ya kawaida ya mteja kila muda unapotimia, na mtaji ukaanza upya ukiwa uleule. Hapo mwenye milioni moja kwa asilimia 9 atapata 90,000 kila mwaka, bila kuongezeka. Baada ya miaka minane atakuwa na 1,720,000, na kufika maradufu kutamchukua zaidi ya miaka 11.

Kujua uko upande gani ni rahisi. Tazama taarifa ya akaunti na ulinganishe riba ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili. Kama kiwango hakijabadilika na ya pili ni kubwa, riba inazaa riba, na 72 inafanya kazi. Kama zimelingana, gawa 100 badala ya 72.

Jambo la pili ni kodi. Riba inayotangazwa dirishani siyo inayoingia mfukoni. Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 ya riba, na Kenya asilimia 15. Kwa hiyo benki mbili zinazotangaza asilimia 9, moja kila upande wa mpaka, hazimpi mteja kitu kimoja. Upande wa Tanzania hubaki asilimia 8.1, na 72 ikigawiwa kwa hiyo inatoa karibu miaka tisa. Upande wa Kenya hubaki asilimia 7.65, yaani miaka tisa na miezi mitano hivi. Makato mengine ya akaunti nayo yaondolewe kwanza, ndipo ugawe.

Maradufu ya fedha gani?

Kwa anayevuka mpaka, swali kubwa zaidi ni fedha hizo zitanunua nini, na wapi. Chukulia akiba iko katika shilingi ya Tanzania, na riba baada ya kodi ni asilimia 8. Mwenye akiba hununua sabuni na mafuta ya kupikia Kenya. Kama shilingi ya Tanzania itapungua thamani kwa asilimia 3 kila mwaka mbele ya ya Kenya, kinachobaki kwake ni asilimia 5 hivi. Gawa 72 kwa 5, jibu ni zaidi ya miaka 14. Kitabu cha benki kitasoma maradufu baada ya miaka tisa, lakini katika shilingi ya Kenya bado safari ni ndefu.

Kupanda kwa bei kunahesabiwa vivyo hivyo. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, zitakuwa maradufu kwa miaka 12, na noti iliyofichwa chini ya godoro itakuwa inanunua nusu ya ilichonunua mwanzo. Anayepata riba ya asilimia 8 huku bei zikipanda asilimia 4 agawe 72 kwa 4. Uwezo wake wa kununua utakuwa maradufu baada ya miaka 18 hivi.

Tahadhari ni kwamba thamani ya fedha haishuki kwa mwendo mmoja kila mwaka. Mwaka mmoja hushuka kwa kishindo, mwingine hupanda. Basi ni vyema kupiga hesabu mara mbili, kwa mwendo mzuri na kwa mwendo mbaya, na kuangalia kama miaka inayopatikana kwa ule mbaya bado inavumilika.

Deni nalo huongezeka

Pale mtaji unapokwama na mtu akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, riba hutajwa kwa mwezi. Kanuni haibadiliki, ila jibu huja kwa miezi. Asilimia 10 kwa mwezi ni miezi saba na kidogo. Aliyekopa 100,000 na asilipe chochote, huku riba ikiongezwa juu ya deni, atadaiwa 194,872 mwezi wa saba unapoisha na 214,359 mwezi wa nane. Kwa hiyo kabla ya kukubali, ajiulize mzigo anaoununua utauzwa na fedha kurudi ndani ya miezi mingapi.

Riba ikiwa juu sana, kanuni huanza kukosea kidogo. Kwa asilimia 24 inasema miaka mitatu, ilhali kwa hesabu kamili ni mitatu na karibu robo. Kwa asilimia 2 inasema miaka 36, ilhali ni 35. Kati ya asilimia 5 na 12 kosa halizidi miezi michache.

Inaweza pia kugeuzwa. Mtu akiahidi kwamba fedha zitakuwa maradufu ndani ya miezi mitatu, gawa 72 kwa 3: anadai kupata takriban asilimia 24 kila mwezi, na kwa hesabu kamili ni 26. Muulize ni bidhaa gani anayoiuza yenye faida hiyo kila mwezi bila kukosa. Mwenye kibanda Namanga anajua faida ya mzigo wake ni ngapi baada ya nauli na ushuru. Ailinganishe na hiyo kabla hajatoa hata shilingi.