Kai Mraba Kubwa Isikudanganye

Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, nafasi ya kupona haikuwa sawa kwa wote. Orodha ya watu 2,201 inayotumiwa sana na walimu wa takwimu inaonyesha hivi:

| Kundi | Walionusurika | Waliokufa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Daraja la kwanza | 203 | 122 | 325 |
| Daraja la pili | 118 | 167 | 285 |
| Daraja la tatu | 178 | 528 | 706 |
| Wafanyakazi wa meli | 212 | 673 | 885 |
| Jumla | 711 | 1,490 | 2,201 |

Kipimo cha kwanza ambacho wengi hukikimbilia ni kai mraba, kilichobuniwa na Karl Pearson mwaka 1900. Kinauliza hivi: kama daraja lisingehusika kabisa na kupona, kila chumba cha jedwali kingekuwa na watu wangapi? Kwa daraja la kwanza, tunachukua 325 mara 711, tunagawa kwa 2,201, tunapata watu 105. Waliopona kweli ni 203. Tofauti ni 98. Tukiizidisha kwa yenyewe kisha tukagawa kwa 105, tunapata takriban 91.5. Tukifanya hivyo kwa vyumba vyote vinane na kujumlisha, kai mraba inafika 190.4. Namba hiyo inatosha kutuhakikishia kwamba tofauti hizi hazikutokea kwa bahati tu.

Sasa tuweke kando yake jedwali jingine maarufu, la wanafunzi 592 wa chuo kikuu cha Delaware, Marekani, lililochapishwa mwaka 1974. Linalinganisha rangi nne za nywele na rangi nne za macho. Kati ya wanafunzi 127 wenye nywele za rangi ya dhahabu, 94 walikuwa na macho ya buluu na 7 tu macho ya kahawia. Kai mraba ya jedwali hili ni 138.3.

Je, tuseme daraja na kupona vinahusiana zaidi kuliko nywele na macho, kwa kuwa 190.4 inaizidi 138.3? Hapana, maana kai mraba hupanda kadiri watu wanavyoongezeka. Zidisha kila namba ya jedwali la Titanic kwa 10: asilimia zote zitabaki vilevile, lakini kai mraba itaruka hadi 1,904. Uhusiano haujaongezeka hata kidogo. Ni watu tu walioongezeka.

Basi tugawe kai mraba kwa idadi ya watu. Titanic inapata 0.087, nywele na macho 0.234. Ghafla jedwali la wanafunzi linaongoza kwa mbali! Lakini hapa pia kuna mtego. Jedwali la Titanic lina safu mbili tu za matokeo, na kwa jedwali la namna hiyo jibu la mgawanyo huu haliwezi kuzidi 1. Jedwali la wanafunzi ni la nne kwa nne, na jibu lake linaweza kufika 3. Kila jedwali lina dari yake.

Mwanahisabati wa Uswidi, Harald Cramér, alitatua jambo hili katika kitabu chake cha 1946. Chukua idadi ya safu za mlalo na za wima, teua iliyo ndogo, punguza moja: hiyo ndiyo dari. Gawa kwayo, kisha tafuta kipeuo cha pili:

V = √(χ² / (N × (k − 1)))

N ni idadi ya watu, na k ni ile idadi ndogo ya safu. V huanzia 0, pasipo uhusiano, hadi 1, uhusiano kamili. Titanic inapata 0.29, nywele na macho 0.28. Majedwali yaliyoonekana kutofautiana sana yanakaribia kulingana.

V nayo ina mipaka. Sampuli ikiwa ndogo na vyumba vikiwa vingi, hupanda juu ya ukweli hata pasipo uhusiano wowote. Pia, mara nyingine jumla za pembeni huizuia kufika 1. Ndani ya Titanic walikuwamo wanawake 470 na wanaume 1,731. V ya jinsia na kupona ni 0.46, lakini kwa kuwa walionusurika walikuwa 711, hata kama wanawake wote wangepona, lazima wanaume 241 nao wapone, na V isingevuka 0.75.

Wala V haisemi nani alinufaika. Hilo linaonekana kwenye asilimia: walipona 62 katika kila 100 wa daraja la kwanza, na 25 katika kila 100 wa daraja la tatu. Kwa hiyo ukiletewa kai mraba peke yake, dai mambo matatu kabla ya kuamini uhusiano ni mkubwa: idadi ya watu, ukubwa wa jedwali, na asilimia za kila safu.