Mandazi mangapi ndiyo yalipe kodi ya kibanda?

Kericho na Bomet, chai ya maziwa bila andazi ni kiu tu. Ndiyo maana kila kituo cha kupimia majani kina kibanda chenye karai la mafuta moto. Lakini ukiuliza wauzaji ni andazi la ngapi linalolipa kodi, wengi watakuambia, "Inategemea siku." Haitegemei siku. Ni hesabu.

Chukua kibanda cha mfano pale Litein, andazi likiuzwa ashu. Kilo mbili za unga tuseme ni Sh180, sukari Sh40, mafuta yanayonyonywa na mandazi Sh90, hamira na iliki Sh20, karatasi za kufungia Sh30. Jumla Sh360. Ukikata vipande vya gramu 55 hivi, unapata mandazi 60, kwa hivyo kila moja limekula Sh6. Linakuachia Sh4.

Sasa hesabu gharama zisizojali umeuza au la. Kodi ya Sh2,500 kwa siku 25 za kazi ni Sh100 kwa siku. Ongeza makaa Sh80 na ushuru Sh20, ni Sh200. Gawanya kwa 4: mandazi 50. Wengi hugawanya kwa 10, wanapata 20, halafu wanashangaa mwisho wa mwezi mwenye nyumba akibisha.

Na hamsini hayo hayajakulipa wewe uliyeamka saa kumi alfajiri. Ukitaka Sh400 zako kwa siku, gharama inakuwa Sh600, yaani mandazi 150.

Hapa ndipo watu huteleza. Unakanda kilo sita, yanatoka 180, unauza 150 na 30 yanalala. Mauzo ni Sh1,500, viungo Sh1,080, gharama za siku Sh200. Unabaki na Sh220, si Sh400. Andazi lililouzwa linaleta Sh4, lililolala linakula Sh6. Heri yaishe saa mbili asubuhi wateja wakilalamika. Kanda kidogo, uone wachumaji wameishia wapi, ndipo uongeze.

Halafu kuna daftari la deni. Mchumaji anayelipwa mwisho wa mwezi atakuambia, "Niandikie." Ukiandika mandazi 20 kila siku kwa siku 25, Sh3,000 za unga na mafuta yako ziko mifukoni mwa watu. Hiyo inapita kodi. Anaweza kulipa yote, sawa, lakini mwenye kibanda huenda akafika kabla yake.

Kati ya Januari na Machi, jua likiwaka, majani hupungua na wachumaji pia. Ukifungua siku 20 pekee, kodi inakuwa Sh125 kwa siku, na hamsini yako inapanda hadi 57, wakati ambao wateja ndio wachache zaidi. Hiyo saba ya ziada afadhali uitafute stejini kwa watu wa bodaboda. Wao hawangoji mvua ndio wanywe chai.