Sufuria gani umpikie mtoto? Ijue hatari iliyo jikoni kwako

Dar es Salaam. Saa kumi na moja alfajiri, katika jiko la nyumba ya kupanga, mama wa watoto wawili anabandika maharage kwenye sufuria nene ya kusubu aliyoinunua sokoni. Yakikaribia kuiva ataweka nyanya, kitunguu na ukwaju kidogo. Uji wa mtoto mdogo utamiminwa ukiwa unafuka moshi ndani ya jagi la plastiki. Wali wa mchana utafunikwa kwa mfuko wa nailoni ili usikauke.

Ni asubuhi ya kawaida katika nyumba nyingi. Lakini katika hatua zote hizo, kuna kitu kinachoweza kuhama kutoka kwenye chombo na kuingia kwenye chakula. Tofauti ni kwamba hatari zake hazilingani, na wazazi wengi huhofia ile ndogo na kuiacha ile kubwa.

Tuanze na sufuria. Alumini ikiguswa na hewa hujijengea utando mwembamba mgumu unaozuia chuma kisiyeyuke ovyo. Vitu vichachu kama nyanya, ndimu, siki na ukwaju huula utando huo, hasa vikichemka kwa muda mrefu au vikilala humo usiku kucha. Stili waya nayo huukwangua.

Hata hivyo, alumini inayoingia mwilini kwa njia hii si tishio kubwa kwa mtu mwenye figo nzima. Sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa, na ile kidogo inayofyonzwa hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi ni mgonjwa wa figo.

Hatari kubwa iko kwenye kile kinachoweza kuwa kimechanganyika na alumini, yaani madini ya risasi.

Sufuria nyingi za kusubu hutengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu na kumimina uji wake kwenye kalibu ya mchanga. Humo huingia vipande vya injini, radieta za magari, makopo na vifaa vya umeme vilivyokufa. Fundi hana njia ya kujua kila kipande kina nini. Radieta za zamani, kwa mfano, ziliungwa kwa risasi. Ikishayeyuka pamoja na vingine, huwa sehemu ya sufuria yenyewe.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walichemsha humo asidi yenye ukali unaokaribia wa siki ya mezani kwa saa mbili, kuiga upishi wa vyakula vichachu. Karibu theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Kwa nini risasi itishe kuliko alumini? Kwa sababu mwili hauna kazi nayo na huitoa polepole mno. Hujificha kwenye mifupa na meno, ikikaa humo kwa miaka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye chakula kilekile, na mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Inayoumia kwanza ni akili: umakini, uwezo wa kujifunza na tabia. Kwa mjamzito, risasi hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Tatizo ni kwamba haionekani. Haina harufu wala haibadilishi ladha ya maharage. Kuosha sufuria hakuiondoi, wala kuchemsha maji mara tatu kabla ya kuanza kuitumia, kwa sababu imo ndani ya chuma chenyewe.

Mzazi anaweza kuitambua sufuria ya kusubu kwa uzito wake, unene usiolingana, uso wenye chembechembe kama za mchanga, na kukosa nembo ya kiwanda. Sufuria ya bati la alumini ni nyepesi, nyororo na unene wake ni mmoja. Dalili hizi zinaonyesha namna sufuria ilivyotengenezwa tu, haziwezi kuthibitisha kama ina risasi. Jibu hilo hutoka maabara.

Si kila familia inaweza kubadilisha vyombo vyote kwa mkupuo. Kwa yule mama wa maharage, cha kwanza kubadilisha ni sufuria ya kupikia chakula kichachu kinachokaa motoni muda mrefu na kuliwa na watoto. Sufuria ya stili isiyoshika kutu ndiyo inayofaa zaidi hapo. Ile ya kusubu inaweza kubaki kwa maji ya kuoga. Wakati anajipanga kununua, anaweza kuepuka kupikia humo mboga za nyanya na ukwaju, na kuhamishia chakula kwenye bakuli la kauri au glasi mara kinapoiva.

Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kumuuliza daktari kuhusu kipimo cha damu cha risasi. WHO inashauri kuwa mtoto akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Turudi kwenye jagi la uji na nailoni ya wali. Plastiki huachia kemikali zake kwa kasi zaidi inapokutana na joto, mafuta na muda. Uji unaotokota na wali wenye mafuta ni mifano ya wazi. Dawa yake haigharimu: uji upoe kwanza kwenye bakuli la kauri au stili, na wali ufunikwe kwa sahani au jani la mgomba.

Chini ya vyombo vingi vya plastiki kuna pembetatu yenye namba. Namba 5 huhimili joto kuliko namba 1, ambayo ni ya chupa za maji na soda. Ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba haifai kuhifadhia chakula, hata ikioshwa vipi, kwani haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Chombo kilichopauka, kupasuka au kunata nacho muda wake umekwisha.

Vipi kuhusu kikaango kisichogandisha chakula? Kipande cha utando wake kikimezwa na chapati, hupita tumboni na kutoka kama kilivyoingia. Shida ni moto. Kikaango kikiachwa kitupu jikoni na kuzidi nyuzijoto 260, utando huanza kuharibika, na joto likizidi kupanda hutoa moshi unaodhuru mapafu. Kiwekwe mafuta kabla ya kuwasha, moto uwe wa wastani, na mwiko uwe wa mti.

Kesho alfajiri maharage yatabandikwa tena. Mama yule akihamisha nyanya na ukwaju kwenye sufuria nyingine, atakuwa ameanza na hatari iliyo kubwa kuliko zote jikoni mwake.