Seva Ikizimika Katikati ya Malipo

Mteja amelipia tiketi ya ndege mtandaoni. Pesa imekatwa, kisha seva inazimika kabla tiketi haijatolewa. Nani atajua kazi ilifikia wapi?

Kwa njia ya zamani, waandaaji programu huandika hali ya kila oda kwenye kanzidata: imelipwa, imetolewa, imefutwa. Programu nyingine hupita kila dakika chache kusaka zilizokwama. Kwa hatua tatu, njia hii inatosha kabisa. Ongeza kurudisha pesa na kusubiri siku mbili, na mantiki inatawanyika kiasi kwamba hakuna anayeweza kuisoma yote mahali pamoja.

Temporal, kampuni iliyoanzishwa 2019 na Maxim Fateev na Samar Abbas, waliounda Cadence walipokuwa Uber, inatoa njia nyingine. Mchakato huandikwa kama programu ya kawaida, na matokeo ya kila hatua hutunzwa kwenye daftari la matukio. Seva ikifa, nyingine huendesha programu upya tangu mwanzo, ila hatua zilizokamilika hazirudiwi; majibu yake husomwa daftarini. Ndiyo maana programu hiyo hairuhusiwi kusoma saa ya mashine moja kwa moja: ikifuata njia tofauti na ile iliyoandikwa, inakwama kwa hitilafu.

Daftari halizuii kila kitu. Benki ikikata pesa na seva ikafa kabla jibu halijaandikwa, hatua hiyo itajaribiwa tena. Kwa hiyo kila ombi la malipo litumwe na namba yake ya kipekee, ileile katika kila jaribio, ili benki itambue marudio na isimkate mteja mara mbili.