Mbaazi kavu: ziive kwenye chungu, sufuria au chuma?

Mbaazi za shambani Nachingwea na Ruangwa zikikaa ghalani muda mrefu huwa ngumu. Hata zikilowekwa usiku kucha, zinaweza kudai saa mbili au zaidi juu ya jiko la mkaa. Hapo chombo kina uzito kuliko viungo.

Sufuria ya alumini huchemsha upesi kwa sababu alumini hupitisha joto haraka mno na bati lake ni jembamba. Lakini mkaa ukianza kufunikwa na majivu, mchemko nao hushuka; ukichochewa, mbaazi za chini hushika. Watu husema udongo hutunza joto kuliko alumini. Kilo kwa kilo, tofauti ni ndogo, na chuma hutunza karibu nusu tu ya vyote viwili. Siri ya chungu ni uzito wake na ukuta mnene unaopitisha joto polepole: chungu cha kilo nne hakitikiswi na kupanda na kushuka kwa mkaa kama sufuria ya kilo moja.

Gharama yake ni mkaa wa mwanzo, maana chungu huchelewa kuchemka. Kwa hiyo ni busara kuanzia kwenye sufuria, kisha mbaazi zikichemka zihamishiwe, zikiwa na maji yake ya moto, kwenye chungu kilichokwisha kupata joto. Maji ya kuongezea nayo yawe ya moto. Ya baridi hupasua udongo. Chungu kizima kikigongwa kwa kidole hulia. Chenye ufa hutoa sauti butu.

Magadi hulainisha mbaazi, lakini hula utando mwembamba unaoikinga alumini, ndiyo maana sufuria huweusika. Ndimu, ukwaju na nyanya huila pia, na zikitiwa mapema huchelewesha mbaazi kuiva. Zisubiri mbaazi zilainike.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye sufuria nzito zinazosubiwa kwa vyuma chakavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, Tanzania ikiwemo. Vilipochemshwa na asidi hafifu kwa saa mbili, takriban theluthi moja vilitoa risasi ya kutia wasiwasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na haionekani wala haina ladha. Chombo cha namna hiyo kisipikiwe vyakula vichachu, wala chakula kisilale humo.

Chuma nacho huingia chakulani, lakini kwa faida. Nchini Ethiopia, jaribio lililochapishwa mwaka 1999 liliwafuatilia watoto kwa miezi kumi na miwili: waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma walipata wekundu wa damu zaidi kuliko wa vyungu vya alumini. Mchuzi wenye nyanya huchota chuma kingi zaidi, ingawa huweusika kidogo. Chungu cha chuma kikioshwa kikaushwe juu ya makaa yanayofifia, kisha kipakwe mafuta kidogo, la sivyo kesho yake kina kutu.