Sasisho Halali Lililobeba Sumu

Tarehe 27 Juni 2017, kompyuta za benki, wizara na makampuni nchini Ukraini zilizimika moja baada ya nyingine. Zilipowaka, skrini zilidai dola 300 kwa bitkoini. Kulipa hakukusaidia, kwani virusi hivyo, vilivyoitwa NotPetya, viliundwa kuharibu data tu.

Vilipitia M.E.Doc, programu ya uhasibu ambayo makampuni mengi ya Ukraini huitumia kupeleka hesabu za kodi serikalini. Wadukuzi walikuwa wameidhibiti seva halisi ya masasisho ya programu hiyo. Masasisho ya tarehe 14 Aprili, 15 Mei na 22 Juni yalitoka na mlango wa siri ndani ya faili moja, `ZvitPublishedObjects.dll`. Wahasibu waliyasakinisha kama kawaida.

Mlango huo ulisoma namba ya usajili ya kila kampuni, hivyo wadukuzi walijua wameingia kwa nani. Taarifa ziliondoka zikiwa zimefichwa katika mawasiliano ya programu na seva ileile ya masasisho, na amri zikarudi kwa njia hiyo hiyo. Fundi aliyechungulia mtandao angeona tu M.E.Doc ikiuliza kama kuna toleo jipya.

Amri ya kushambulia ilipotolewa, virusi vilisambaa vyenyewe. Vilitumia kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikwisha kuitolea dawa Machi mwaka huo. Pia viliiba nywila kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo nywila moja ya msimamizi ilitosha kuangusha hata mashine zilizosasishwa. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Nakala za seva zinazotambua watumiaji wake zilifutika zote isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana, ambako umeme ulikatika kabla ya shambulio.

Kukataa masasisho si kinga, maana waliochelewa kuweka dawa ya Machi waliumia pia. Kinga ya kwanza iko kwa mtengenezaji: atie sahihi ya kidijitali kwa ufunguo usiokaa kwenye seva ya masasisho, ili faili lililobadilishwa humo likataliwe. Hata hivyo, sahihi ina mpaka wake. Katika shambulio la SolarWinds lililogunduliwa mwaka 2020, sumu iliingizwa wakati programu inajengwa, kabla ya kutiwa sahihi, na sahihi ikawa halali.

Kwa hiyo mtumiaji naye apange kwa kudhani kwamba siku moja sasisho halali litamdhuru. Kompyuta ya uhasibu itengwe na mtandao mwingine wa kampuni, msimamizi asiingie humo kwa nywila inayofungua mashine zote, na nakala moja ya data ihifadhiwe ikiwa imechomolewa kabisa. Maersk iliokolewa na umeme uliokatika. Kampuni nyingine isisubiri bahati hiyo.