Ukokotoaji wa pH ya Bafa na Mipaka ya Kadirio la Kawaida

Bafa ni mmumunyo wenye asidi dhaifu pamoja na chumvi yake. pH ya mmumunyo huo hukokotolewa kwa mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch:

pH = pKa + log([A⁻]/[HA])

Mlinganyo huu hutokana moja kwa moja na kisawazo cha mtengano wa asidi, na viwango vinavyotajwa ndani yake ni vile vilivyopo baada ya msawazo kufikiwa. Hata hivyo, katika mazoea ya maabara huingizwa viwango vilivyopimwa wakati wa kutayarisha mmumunyo. Kosa linapotokea, chanzo chake huwa ni badala hiyo, wala si mlinganyo wenyewe.

Kwa asidi ya asetiki (pKa 4.76) yenye moli 0.10 kwa lita, pamoja na kiasi hichohicho cha asetati, badala hiyo haina madhara. Ioni za haidrojeni ni takribani moli 1.7 × 10⁻⁵ kwa lita, yaani chini ya sehemu 2 katika 10,000 za asidi iliyowekwa.

Hali ni tofauti kwa asidi ya kloroasetiki, ambayo pKa yake ni 2.87 na Ka yake 1.35 × 10⁻³. Tuseme asidi na chumvi yake zina moli 0.010 kwa lita kila moja. Kadirio hutoa pH 2.87. Lakini kila ioni ya haidrojeni inayoachiliwa hupunguza asidi na kuongeza kloroasetati. Kiasi hicho kikiitwa x:

x(0.010 + x)/(0.010 − x) = 1.35 × 10⁻³

Utatuzi wa mlinganyo huu wa kipeo cha pili hutoa x = 1.09 × 10⁻³, yaani pH 2.96.

Mmumunyo ukizimuliwa mara 10, kadirio hubaki 2.87 kwa kuwa uwiano haukubadilika. Hapo udhaifu wake hudhihirika: pH hiyo ingehitaji moli 1.35 × 10⁻³ za ioni za haidrojeni kwa lita, ilhali asidi yote iliyopo ni moli 1.0 × 10⁻³ tu. Utatuzi kamili hutoa pH 3.32.

Kwa hiyo, jibu la kadirio hujipima lenyewe. pH iliyopatikana igeuzwe kuwa kiwango cha ioni za haidrojeni, kisha kilinganishwe na kiwango kidogo zaidi kati ya asidi na chumvi. Kikizidi asilimia 5, mlinganyo wa kipeo cha pili utumike. Katika bafa zilizo karibu na pH 7 au zaidi, ioni za haidroksidi zinazotokana na maji nazo huhitaji kuhesabiwa iwapo mmumunyo ni hafifu sana.

Kipimo hiki hakigusi mvutano baina ya ioni. Mvutano huo hukua kadiri chumvi inavyoongezeka, nao huweza kutenganisha usomaji wa pH-mita na hesabu hata pale ambapo x imetatuliwa kikamilifu.